Poti 22 iliyosahaulika wazi

Ijumaa usiku, seva ya kampuni imekwama na fundi yuko nyumbani. Ili aingie kwa SSH, anafungua poti 22 kwenye kundi la usalama, yaani orodha ya nani aruhusiwe kuifikia seva hiyo katika wingu la Amazon. Kwa haraka anaandika `0.0.0.0/0`, maana yake anwani zote za IPv4 duniani, takriban bilioni 4.3. Seva inapona, fundi analala, poti inabaki wazi.

Sera ya kampuni inakataza jambo hilo, lakini sera iko kwenye faili la ofisini. Kazi ya huduma ya AWS Config ni kuigeuza iwe kanuni inayojikagua yenyewe. Kwanza kuna kinasa: kila mpangilio unapobadilika, kinahifadhi picha ya hali mpya. Picha hiyo ndiyo inayoiamsha kanuni `restricted-ssh`, nayo inauliza swali moja tu: je, poti 22 imefunguliwa kwa `0.0.0.0/0`, au kwa `::/0` ambayo ni ndugu yake wa IPv6? Kwa kawaida dakika chache tu baadaye, kundi lile linapigwa muhuri wa `NON_COMPLIANT`, na historia inaonyesha lilibadilika lini na namna gani.

Hata hivyo, kanuni hii haimzuii mtu kufungua poti. Inamgundua akishafungua. Kampuni inaweza kuiunganisha na hatua ya kujirekebisha, kama `AWS-DisablePublicAccessForSecurityGroup`, inayofuta ruhusa hiyo yenyewe. Hapo ndipo wengi husita, kwa sababu ruhusa ikifutwa saa mbaya, fundi aliye katikati ya kazi anaweza kujikuta nje.

Halafu kanuni hii ina upofu wake. Tuseme fundi mwingine, amechoshwa na tahadhari, anaandika mistari miwili badala ya mmoja:

```
0.0.0.0/1
128.0.0.0/1
```

Wa kwanza ni nusu ya anwani zote za IPv4, wa pili ni nusu iliyobaki. Jumla ni dunia ile ile. Lakini kanuni hutafuta `0.0.0.0/0` au `::/0`, na hapa hakuna hata moja, kwa hiyo kundi linapita na muhuri wa `COMPLIANT`. Vivyo hivyo, kinasa kisipowashwa katika kanda fulani ya Amazon, makundi ya huko hayapigwi muhuri wowote, na dashibodi isiyo na doa haithibitishi kitu.

Kwa hiyo mkaguzi makini haishii kuhesabu mihuri myekundu. Anafungua pia makundi machache yaliyopita, anasoma anwani zenyewe, kisha anauliza kinasa kimewashwa wapi.