Mkato wa Mwitaliano si mkato wetu: Tafsiri ya vipimo vya mashine

Juma lililopita nilipigiwa simu na mwanafunzi wangu wa zamani ambaye siku hizi ni afisa wa ununuzi katika mradi wa maji karibu na Giakanja, kaunti ya Nyeri. Wanachama walikuwa wamechanga pesa za kununua pampu ya kupandisha maji kutoka bondeni hadi kwenye tangi lililo mlimani. Muuzaji alimtumia karatasi ya maelezo ya kiufundi kutoka Italia, naye alitakiwa kuandika matakwa ya zabuni kwa Kiswahili ili kamati iyaelewe kabla ya kutia sahihi.

"Mwalimu, hii karatasi imenishinda," akaniambia. "Inasema pampu ina kilo elfu kumi na nne na mia mbili. Lakini nikiangalia picha, hii ni kitu boda inaweza kubeba!"

Nilimwomba anitumie karatasi yenyewe. Mistari iliyomtatiza ni hii:

```
Q = 1,200 ÷ 4,800 m³/h
H = 74 ÷ 38 m
P2 = 1,1 kW
n = 2.900 min⁻¹
Peso = 14,200 kg
```

Tatizo la kwanza ni la uakifishaji. Sisi huku Kenya hutumia mkato kutenga maelfu na nukta kutenga desimali. Waitaliano, sawa na Wajerumani na Wafaransa, hutenga desimali kwa mkato. Aidha, Waitaliano na Wajerumani huweza kutumia nukta kutenga maelfu. Kwa hivyo 14,200 ya Mwitaliano ni kumi na nne nukta mbili, na 2.900 yake ni elfu mbili na mia tisa. Anayefikiri kuwa nukta ni nukta kila mahali atasema mota inazunguka karibu mara tatu tu kwa dakika. Mota ya aina hiyo haiwezi kupandisha hata kikombe cha maji.

Hakuna aliyekosea kati yetu na wao. Mkutano Mkuu wa Uzani na Vipimo, ambao ndio wenye mamlaka juu ya vipimo vya kimataifa, uliamua mwaka 2003 kuwa nukta na mkato zote zinakubalika kutenga desimali. Mkutano huohuo ulisisitiza kuwa maelfu yasitengwe kwa nukta wala mkato, bali kwa nafasi tupu, kama hivi: 2 900. Lakini waandishi wengi wa katalogi hawafuati shauri hilo, na mzigo unabaki kwa mtafsiri.

Atajuaje basi? Mahali pa kuanzia ni tarakimu zinazofuata alama. Katika 1,1 kuna tarakimu moja tu baada ya mkato, na maelfu hayatengwi hivyo kamwe. Hapo karatasi imejifichua: mkato wake ni wa desimali. Tarakimu tatu, kama katika 14,200, ndizo zenye utata, na husomwa kwa kufuata ushahidi uliopatikana kwingine katika karatasi hiyohiyo.

Ushahidi wa pili ni wa hesabu. Zidisha maji kwa saa, katika mita za ujazo, na kimo ambacho maji yanasukumwa, katika mita, kisha ugawe kwa 367. Utapata kilowati ambazo maji yenyewe yanahitaji. Katikati ya uwezo wa pampu hii, muuzaji anasema inatoa 3,000 m³/h kwa kimo cha mita 60. Ukisoma tatu, 3 × 60 / 367 ni kama kilowati 0.5. Mota ya kilowati 1.1 inatosha, kwani pampu ndogo hupoteza takriban nusu ya nguvu inayopewa. Ukisoma elfu tatu, maji yatadai kilowati 490. Mkato mmoja umekuza hitaji hilo mara elfu!

Nilimshauri mwanafunzi wangu aandike "mita 3 za ujazo kwa saa, yaani lita 3,000 kwa saa." Hiyo ni mitungi 150 ya lita ishirini, kipimo ambacho kila mwanakamati anakijua. Tazama jinsi tarakimu zilezile, pamoja na mkato wao, zimerudi zikiwa sahihi kwa sababu kizio kimebadilika. Asiyeandika kizio kando ya tarakimu hajatafsiri lolote.

Tatizo la pili ni alama ya ÷. Shuleni tulifunzwa kuwa ni ya kugawa. Katika katalogi za Kiitaliano, alama hiyo aghalabu humaanisha "kuanzia hadi". Mstari wa kwanza basi unasema pampu hutoa kuanzia mita 1.2 hadi 4.8 za ujazo kwa saa. Wa pili unashuka, kuanzia mita 74 hadi 38. Mistari hii husomwa kwa jozi: 1.2 huenda na 74, nayo 4.8 huenda na 38. Kimo kikiongezeka, maji hupungua.

Mwanafunzi wangu alikuwa ameandika katika rasimu yake: "Pampu itoe mita 4.8 za ujazo kwa saa hadi kimo cha mita 74." Amechukua kikomo cha juu cha kila mstari na kuviunganisha. Sarufi ya sentensi hiyo haina kasoro, ila pampu hii haiwezi kuitimiza. Muuzaji mwaminifu angekataliwa, na mwongo angepita.

La tatu ni neno lenyewe la H. Rasimu ilisema "urefu wa mita 60". Urefu wa nini? Wa pampu? Wa bomba? Mwanakamati mmoja alidhani pampu itavuta maji kutoka kisima chenye kina cha mita 60. Hapa Kiswahili kinatupa vitenzi viwili tusivyopaswa kuvichanganya: kuvuta na kusukuma. Pampu ya juu ya ardhi husukuma kwa nguvu ya mota, lakini huvuta kwa msaada wa uzito wa hewa. Pwani, hewa haiwezi kuinua maji kupita mita 10 na kidogo. Nyeri, iliyo karibu mita 1,800 juu ya bahari, hewa ni nyepesi na kikomo hushuka hadi mita 8 hivi, na kazini ni pungufu ya hapo. Kwa hivyo tuandike "kimo cha kusukuma", na kina cha kuvuta kitajwe peke yake.

Hatimaye tulikubaliana na sentensi hii: "Pampu isukume maji yasiyopungua mita 3 za ujazo (lita 3,000) kwa saa, katika kimo cha jumla cha kusukuma kisichopungua mita 60." Tulichagua "yasiyopungua" badala ya "zaidi ya" kwa makusudi. Pampu inayotoa mita 3 barabara imetimiza sharti la "yasiyopungua", lakini imeshindwa na "zaidi ya". Muuzaji aliyeshindwa zabuni anaweza kukata rufaa kwa msingi wa neno hilo moja.

Nilimwomba pia asiitupe karatasi ya Kiitaliano. Tarakimu asilia ziwekwe katika safu ya kwanza ya jedwali, tafsiri katika safu ya pili, ili mkaguzi aone kila mkato ulikotoka na ulikokwenda.