Tone Lililoachwa Nje ya Hesabu

Mwaka 1910 Robert Millikan, mwanafizikia wa Chicago, alichapisha vipimo vyake vya chaji ya umeme, alivyovipata kwa matone ya maji yaliyoning'inia hewani kwa nguvu ya umeme. Tone moja lilitoa chaji pungufu kwa asilimia 30 hivi. Hakulihesabu, lakini alisema wazi kwamba ameliacha, kwa kuwa kipimo chake hakikuwa cha uhakika na hakikurudiwa.

Uwazi huo ulimponza. Felix Ehrenhaft wa Viena, aliyedai kuna chaji ndogo kuliko ya elektroni, alizikokotoa upya data hizo na kumgeuzia Millikan mwenyewe. Katika makala ya 1913, sasa kwa matone ya mafuta, Millikan aliandika kwamba matone yake 58 hayakuchaguliwa, bali ndiyo yote aliyoyapima kwa siku 60 mfululizo. Baadaye mwanahistoria Gerald Holton alipozisoma daftari za maabara, alikuta matone mengi zaidi.

Mengi yaliachwa kwa sababu za maana, kama vile upimaji ambao haukukamilika au tone lililoyumbishwa na mkondo wa hewa. Allan Franklin alipoyarudisha kwenye hesabu, thamani ya chaji ilisogea kidogo mno. Kilichoongezeka ni kiwango cha shaka kuhusu thamani hiyo. Kwa maoni yangu, kilichomchafulia jina ni lile neno "yote", kuliko matone yenyewe.

Basi iandikwe vipi? Tuseme mwanafunzi anapima muda wa mibembeo 10 ya timazi yenye uzi wa mita 1, anapata sekunde 20.1, 20.2, 20.0, 20.1, 18.1 na 20.2. Akiandika kwamba 18.1 imeachwa kwa sababu haiendani na nyingine, amejishtaki mwenyewe, maana amelitumia jibu alilolitaka kuwa hakimu wa data. Bora aandike hivi: "Kipimo cha tano kimepungua kwa sekunde 2 hivi, ambazo ni muda wa mbembeo mmoja. Tunashuku kwamba mbembeo mmoja ulihesabiwa zaidi, ingawa hatukuona kosa hilo likitokea. Wastani bila kipimo hicho ni sekunde 20.12, nacho kikiwemo ni 19.78. Vipimo vyote sita vimo kwenye jedwali."

Neno "tunashuku" lina kazi hapo, kwani sababu imekisiwa baada ya namba kuonekana. Kama daftari lingekuwa na alama iliyowekwa papo hapo, kabla ya hesabu kufanywa, angeweza kusema kwa uthabiti zaidi. Msomaji mkali pia atauliza kama vile vipimo vitano vizuri vilikaguliwa kwa ukali uleule, au kosa lilitafutwa pale tu namba ilipoudhi. Na kama kipimo hicho kingekuwa 19.3, ambacho hakilingani na mbembeo wowote uliohesabiwa zaidi wala hakina alama daftarini, kingebaki ndani ya wastani, na shaka ya jibu ingetangazwa kuwa kubwa zaidi.