Gawio au kampuni kununua hisa zake: pesa huenda wapi?

Wateja wetu wa Eldoret wanaopokea gawio kwa simu hutuuliza swali moja: kampuni ikinunua hisa zake yenyewe badala ya kutuma gawio, mimi napata nini?

Tuchukue mfano wa hapa nyumbani. Mwaka wa 2021, Nation Media Group ilitangaza kwamba itanunua hadi asilimia 10 ya hisa zake kwa Sh25 kila moja. Kampuni ilikuwa na hisa takriban milioni 207. Wenye hisa waliuza kama milioni 17, kwa hivyo zilibaki karibu milioni 190. Piga hesabu: milioni 17 mara Sh25 ni kama Sh425 milioni zilizotoka.

Sasa tuseme pesa hizo hizo zingelipwa kama gawio. Kila hisa ingepata kama Sh2.05. Mwenye hisa 1,000 angepata Sh2,050, na baada ya kodi ya asilimia 5 inayokatwa kabla pesa hazijakufikia, meseji ingesoma karibu Sh1,948.

Kwenye vitabu vya kampuni, njia zote mbili zinafanana. Pesa taslimu zinapungua kwa Sh425 milioni, na mtaji wa wenye hisa unapungua kwa kiasi kicho hicho. Hakuna utajiri mpya ulioundwa, pesa zimehama tu kutoka mfuko wa kampuni hadi mfuko wa watu.

Tofauti iko kwa idadi ya hisa. Tuseme faida ya mwaka ni Sh400 milioni (hii ni ya mfano tu, si ripoti yao). Ukilipa gawio, unagawanya kwa hisa milioni 207: faida kwa kila hisa ni kama Sh1.93. Ukinunua hisa, unagawanya kwa milioni 190: inakuwa kama Sh2.11. Imepanda kwa asilimia 9 na bado kampuni haijauza hata gazeti moja zaidi! Kusema kweli faida yenyewe inaweza hata kushuka kidogo, maana zile pesa zingekaa benki zingeleta riba.

Kwa hivyo ukiona faida kwa kila hisa imepanda, angalia mstari wa faida halisi, kisha idadi ya hisa. Kama faida imesimama pale pale na hisa zimepungua, umepata jibu lako.

Na yule ambaye hakuuza? Hakupokea hata shilingi, ila kipande chake cha kampuni kilikua kidogo. Kama kipande hicho kina thamani zaidi inategemea bei. Hisa ikinunuliwa ghali, aliyeuza ndiye anafaidika na waliobaki ndio wanalipa. Mwaka wa 2023 kampuni hiyo ilirudi na ofa nyingine ya kununua hisa, na safari hii bei ilikuwa Sh20.