Zahanati Ijengwe Wapi? Yanayofaa Kuelezwa Barazani Kabla ya Msingi Kuchimbwa

Mwenyekiti wa kamati ya afya ya kijiji anapoita baraza kueleza mpango wa zahanati, wakazi wengi husubiri kusikia idadi ya vyumba. Swali zito zaidi ni kiwanja. Chumba kinaweza kuongezwa baadaye, lakini jengo lililowekwa mahali pabaya halihamishwi.

Chukua mfano wa kijiji kilicho kando ya Mto Ewaso Nyiro, upande wa kuelekea Merti. Kuna viwanja viwili. Kimoja kiko karibu na malka, pale mifugo inaponywa maji na akina mama wanapopita kila siku. Cha pili kiko kwenye mwinuko, mwendo wa robo saa kutoka mtoni. Wengi watataka cha kwanza. Mwenyekiti aliyejiandaa vizuri ataanza na jambo hilo hilo:

"Wazee wangu, akina mama na vijana, najua mnapenda kiwanja cha malka. Tulikwenda pale na wazee wanaokumbuka mafuriko. Tazameni mikoma ile: majani makavu na vijiti vimekwama matawini, juu ya kichwa cha mtu mzima. Hakuna aliyevipandisha. Maji yalifika pale."

Hoja hiyo ina nguvu kwa sababu Ewaso Nyiro hupata maji yake mbali, Mlima Kenya na Aberdare. Mto unaweza kufurika Isiolo siku ambayo hapa hakuna hata wingu. Kwa hiyo kupima kiwanja kwa mvua ya kijiji peke yake ni kujidanganya. Mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023 ziliwakumbusha wengi jambo hilo.

Udongo nao husema. Ule mweusi wa mfinyanzi huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na kuta zilizojengwa juu yake bila kuchimba hadi ardhi ngumu hupasuka pia. Shimo la majaribio la mita moja na nusu katika kila kiwanja linatosha kuonyesha kilichoko chini. Maji yakianza kuchuruzika ndani ya shimo hilo, choo cha shimo kitasumbua: sehemu ya chini ya choo inapaswa kuwa angalau mita 1.5 juu ya usawa wa maji ya ardhini, na choo chenyewe angalau mita 30 kutoka kisimani.

Kisha kuna njia. Zahanati ni kituo cha ngazi ya 2 na haifanyi upasuaji. Mama akikwama katika uchungu, lazima apelekwe hospitali. Ikiwa kati ya zahanati na barabara kuu kuna laga, gari la wagonjwa litazuiwa na maji usiku ule ule linapohitajika. Mwinuko ulio upande wa barabara una faida kuliko ulio ng'ambo, hata kama uko mbali kidogo na nyumba.

Mwinuko una upungufu wake, nao ni maji. Hapa ndipo ramani ya jengo inapoingia. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la mita 12 kwa 10 likipata mvua ya milimita 20, ni lita 2,400. Ukiondoa zinazomwagika na kupotea, zinabaki kama 1,900. Mwenyekiti akionyesha matangi kwenye mchoro, ni haki kumuuliza yanatosha wiki ngapi za kiangazi, na maji yakiisha nani ataleta mengine. Jengo lenyewe lilale mashariki kwa magharibi, ili jua la asubuhi na la alasiri lipige kuta fupi tu na vyumba visiwe tanuri. Wagonjwa wa kikohozi wangoje kwenye baraza lililo wazi, si kwenye ukumbi uliofungwa. Na nyumba ya muuguzi isiachwe "awamu ya pili": bila hiyo, usiku hakuna mtu.

Linabaki suala la ardhi. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, jamii iliyosajiliwa inaweza kutenga sehemu ya ardhi yake kwa matumizi ya umma. Pale ambapo jamii haijasajiliwa, serikali ya kaunti inaishikilia ardhi hiyo kwa niaba yake. Katika hali zote mbili, mzee mmoja hawezi kutoa kiwanja kwa maneno. Wazee wa dedha nao waulizwe, kwa sababu ua la zahanati likikata njia ya mifugo kwenda malka, ugomvi utaanza kiangazi cha kwanza.

Pingamizi zote, pamoja na za waliotaka kiwanja cha malka, huandikwa kwenye kumbukumbu za baraza, na nakala hupelekwa kwa msimamizi wa wadi na idara ya afya ya kaunti kabla ya mkandarasi kuonyeshwa kiwanja.