Siku 21 Baada ya Dawa Nyekundu

Wagonjwa wengi wa saratani huiita dawa nyekundu. Jina lake ni doksorubisini, na rangi yake ni ile ya juisi ya rosela. Muuguzi huiingiza polepole huku macho yake yakiwa kwenye mkono wa mgonjwa, kwa kuwa ikivuja nje ya mshipa inaunguza nyama. Baadaye mkojo nao hutoka mwekundu, jambo ambalo huwashtua wasioambiwa mapema.

Tuchukue mfano wa mama mwenye saratani ya titi, urefu sentimita 160, uzito kilo 65. Daktari anapiga hesabu ya eneo la mwili wake na kupata mita za mraba 1.7. Kila mita ya mraba inapewa miligramu 60 za doksorubisini na 600 za dawa mwenzake, siklofosfamaidi. Kwa hiyo anapata miligramu 102 na 1,020, kisha anaambiwa arudi baada ya siku 21.

Kwa nini asirudi wiki ijayo, ugonjwa upigwe mfululizo?

Seli ikitaka kugawanyika, lazima kwanza inakili vinasaba vyake vyote. Siklofosfamaidi hufunga nyuzi za vinasaba zisiweze kuachana. Doksorubisini hujipenyeza kati ya nyuzi hizo na kukikwamisha kimeng'enya kinachozikata na kuziunga zinapojisokota, hivyo zinakatwa na hakuna wa kuziunga. Seli iliyotulia huweza kuishi na jeraha hilo, hata kulitengeneza. Iliyo mbioni kugawanyika hukwama papo hapo, ikafa.

Wengi hudhani seli za saratani ndizo zenye kasi kuliko zote mwilini. Ipo saratani ya namna hiyo: uvimbe wa taya za watoto ambao daktari Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 kutoka Uganda huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, na ndiyo sababu ulinywea upesi ulipopewa siklofosfamaidi. Lakini saratani nyingi za titi huachwa nyuma na utumbo wenye afya. Kinachouokoa utumbo ni akiba: nyuma ya seli zinazokimbia kuna seli mama, na nyingi za aina hiyo mwilini hutulia, zikangoja zamu. Dawa ikipita, hizo huanza kujenga upya.

Kichefuchefu cha siku ya kwanza hakitokani na hayo yote. Dawa huzifanya seli fulani za utumbo zimwage serotonini, nayo huamsha sehemu ya ubongo inayoleta kutapika. Ndiyo maana kinga yake hutolewa kabla ya dripu.

Utando wa utumbo wenyewe hubadilishwa kila baada ya siku tatu hadi tano. Seli kuukuu zinaendelea kubanduka kama kawaida, ila mpya hazipandi. Siku ya tano au ya saba, yule mama anaona kinywa kimechubuka, chai ya moto haipiti, na pengine anaharisha.

Damu hufuata. Chembe nyekundu huishi siku 120, kwa hiyo upungufu wake hujitokeza taratibu. Chembe sahani, zinazogandisha damu, huishi siku nane hadi kumi. Askari wa mbele miongoni mwa chembe nyeupe, nyutrofili, hawakai siku nyingi kwenye damu, na uboho wa mifupa umesimama kuwatengeneza. Akiba ikiisha, kati ya siku ya 10 na ya 14, wanaweza kushuka chini ya 500 katika mikrolita moja, wakati kawaida ni kuanzia 1,500 hivi. Hapo mgonjwa anaweza kuwa na maambukizi mazito bila usaha wowote, kwa kuwa usaha wenyewe hutengenezwa zaidi na chembe hizo. Dalili pekee huenda ikawa homa. Kipimajoto kikisoma 38, asimeze panadoli akalala. Aende hospitali usiku huohuo na aseme yuko kwenye tibakemia.

Nywele huanguka wiki ya pili au ya tatu. Karibu tisa katika kila kumi za kichwani huwa zinakua wakati wowote, na seli za shinani mwake hugawanyika kwa kasi kubwa. Zikikwama, unywele hukonda na kukatika. Nyusi, ambazo nyingi huwa zimepumzika, huchelewa. Kunyonyoka hakuonyeshi kwamba uvimbe unapungua, wala nywele kubaki si ishara kuwa dawa imeshindwa.

Siku ya 21 damu hupimwa tena. Nyutrofili zikiwa zimerudi karibu 1,500, dozi ya pili inatolewa. Zikiwa mathalani 700, mama anarudishwa nyumbani kwa wiki nyingine, maana seli za uboho zingali zinagawanyika mbio kujaza pengo, na dawa ingezikuta hapohapo.