Onyo la kuchelewa kazini

"Umezoea kuchelewa" ni tuhuma tupu. Mfanyakazi ataikana mchana kutwa. Barua pepe nzuri hutaja siku na saa: "Tarehe 4 Machi uliingia saa 2:40 asubuhi, tarehe 11 saa 2:55, ilhali zamu huanza saa 2:00." Abishe na daftari la mahudhurio. Kisha imwulize sababu, maana huenda ana mgonjwa nyumbani, impangie siku ya kikao na kumweleza hatua itakayofuata asipojirekebisha.

Nchini Kenya, kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri, kabla ya kumfukuza mtu kwa utovu wa nidhamu, amweleze sababu kwa lugha anayoielewa na asikilize utetezi wake, naye ana haki ya kuwa na mfanyakazi mwenzake. Barua pepe pekee haitoshi.