Mstari wa Maji Ukutani

"Maji yameingia ghalani, mzigo umeharibika." Taarifa za namna hii husikika sana Dar es Salaam kila masika. Meneja akiipokea, hajui kina cha maji, mzigo upi umelowa wala maji yametokea wapi.

Tuchukue mfano wa ghala la unga jirani na Bonde la Msimbazi. Saa 10 alfajiri mlinzi anaona maji. Mtunza ghala anafika na futi kamba na chaki. Mlangoni anapima sentimita 9, kona ya nyuma sentimita 21, kwa kuwa sakafu imeinama. Chaga zilizobeba mifuko zina kimo cha sentimita 15. Angeandika kipimo cha mlangoni peke yake, ingeonekana hakuna mfuko ulioguswa. Kumbe nyuma mifuko ya chini imekaa ndani ya maji sentimita 6. Anachora mstari ukutani, anaandika saa kando yake, na kila nusu saa anarudi kupima.

Kisha mzigo. Kona ya nyuma kuna chaga 40, kila moja ina mifuko mitano kwa safu. Safu ya chini ni mifuko 200 ya kilo 25, yaani tani 5. Hiyo inaandikwa "imezama". Safu ya pili haijafikiwa na maji, lakini unga hunyonya unyevu kutoka chini, kwa hiyo mifuko mingine 200 inatengwa ikaguliwe. Uliozama hauanikwi ukauzwa: maji ya mafuriko hubeba kinyesi cha vyoo na mafuta ya barabarani. Picha hupigwa kabla mfuko wowote haujasogezwa, namba ya safu ikionekana.

Kuhusu mtaro, kuandika "umeziba" hakutoshi.

Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 30 kwa 40, likinyeshewa milimita 50, humwaga lita 60,000, na zote hukimbilia chemba ya uani. Mtunza ghala anaondoa chupa na mifuko ya plastiki iliyoziba wavu wa chemba. Maji yangezunguka na kushuka kwa kasi, kosa lingekuwa la usafi wa ghala. Yanabaki palepale. Anatoka nje na kukuta maji ya mtaro wa barabara yamepita kimo cha sakafu, yanarudi ndani kupitia bomba lilelile la kuyatoa. Taarifa inaandika yote mawili, maana bima na halmashauri zitauliza chanzo.

Saa 4 asubuhi maji yamepungua. Kwenye ukuta wa nyuma umebaki mstari wa tope wa sentimita 24, tatu zaidi ya kipimo cha juu kabisa cha chaki. Kilele kilipita kabla hajafika, na taarifa inarekebishwa: kina cha juu sentimita 24, muda haujulikani, kabla ya kipimo cha kwanza.